Oda zipo, mizigo inarudi: nipitieni mpango wa duka langu la viatu mtandaoni (Kampala)

MamaShani_Ndeeba

Habarini wa humu ndani. Nauza viatu vya kike, vya wazi na vya kufunika, vya kazini na vya harusini. Nina kichumba kidogo kwenye akedi moja pale mjini, ila wateja wengi hawafiki, wananipata TikTok, Instagram na Facebook, tunamalizana WhatsApp. Sasa nataka niache kubahatisha, niwe na mpango ulioandikwa, ndiyo maana nauweka hapa muupasue.

Mpango wenyewe ni huu. Kiatu nanunua Kikuubo kwa wastani wa 38,000, nauza 65,000. Ndani ya Kampala na pembeni yake mteja halipi nauli, hiyo ni juu yangu, na boda ananichaji kama 8,000 nikipiga wastani wa karibu na mbali. Boksi na kavera ni 1,000. Mteja analipa kiatu kikimfikia, anampa boda pesa taslimu au anamtumia kwenye simu yake, boda ananiletea jioni. Asiyependa anarudisha palepale. Wa nje ya Kampala (Gulu, Arua, Mbarara) wanalipa yote kwanza, natuma kwa basi.

Tangazo nalipia, tuseme 40,000 kwa kila oda 10 zinazoingia. Kwa hesabu yangu kila pea inaniachia 18,000 kabla ya tangazo. Oda zinakuja kwelikweli. Lakini mwisho wa wiki nikikaa na daftari sioni hiyo pesa, na kila siku kuna viatu vinarudi. Nibadilishe nini kwanza?

---

Profesa_Kalerwe

Dada, tatizo lako ni kwamba huna tovuti. Bila tovuti na jina lako la mtandao watu wanakuona mchuuzi. Tafuta kijana akutengenezee, weka kikapu cha kununulia, kila kitu kitajipanga chenyewe. Pia kajiandikishe URSB jina la biashara, na usisahau URA.

---

MamaShani_Ndeeba

Profesa asante, jina la biashara ninalo tayari. Ila oda hazinisumbui kupatikana. Zinanisumbua zikishatoka dukani.

---

Fundi_wa_Mizigo

Nimepanga mizigo ya wauzaji wa mtandaoni hapa mjini miaka kadhaa, nguo, simu, viatu. Tovuti iache kwanza. Tuifanye hesabu yako upya, kwa sababu ile 18,000 yako ni ya pea iliyokubaliwa tu, na wewe unaizidisha kwa oda zote.

Chukua oda 10 zilizotoka. Tuseme 3 zinarudi, na kwa viatu vya kulipia mlangoni hapo sijazidisha. Pea 7 zilizokubaliwa zinakupa faida ya 27,000 kila moja, jumla 189,000. Boda amekwenda mara zote 10, hiyo ni 80,000. Zile 3 lazima azirudishe, na hakuna boda anayerudisha bure, weka 5,000 kila moja, 15,000. Kufungasha 10,000. Unabaki na 84,000. Toa tangazo 40,000, mkononi ni 44,000. Wewe ulitarajia 180,000 ukatoe 40,000, ubaki na 140,000. Pesa yako haijaibiwa na mtu, imekwenda kwenye barabara ya Kyaliwajjala na kurudi.

Kuna na hasara isiyoandikwa daftarini. Kiatu kilichotoka asubuhi kikarudi kesho yake, kwa siku hiyo nzima ulimwambia mteja mwingine namba 39 imeisha.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kwa nini vinarudi. Una kumbukumbu? Namaanisha kila kilichorudi uliandika sababu?

---

MamaShani_Ndeeba

Siandiki kwa mpangilio, ila nawajua. Wengi ni saizi: "kinanibana". Wengine simu haipokelewi boda akishafika. Wachache wanasema rangi siyo ile ya picha. Na kuna wale wanaoniambia "nyabo sina pesa leo, njoo mwisho wa mwezi" wakati boda yupo getini.

---

Fundi_wa_Mizigo

Basi una magonjwa mawili tofauti, na usiyatibu kwa dawa moja. Wa saizi alitaka kiatu. Wa kutopokea simu na wa mwisho wa mwezi hakuwa mteja tangu mwanzo, alibonyeza tu kwa sababu kubonyeza hakukumgharimu kitu.

Tuanze na saizi kwa sababu hiyo iko mikononi mwako. Usimuulize mteja "unavaa ngapi". Atakujibu 38 kwa sababu kiatu chake cha kwanza alichonunua Owino kiliandikwa 38, na kile kilikuwa cha mtumba kutoka Ulaya. Viatu vingi vya Kikuubo ni vya China. Fungua kiatu chako kimoja uangalie ndani, kwenye ulimi au chini ya soli ya ndani. Vingi utakuta namba ya tarakimu tatu, mfano 240 na kando yake 1.5. Hiyo 240 ni urefu wa mguu kwa milimita, yaani sentimita 24. Hesabu yao ni rahisi: sentimita mara mbili, toa 10. Sentimita 24 ni 38, 24.5 ni 39, 25 ni 40. Ile 1.5 ni upana, na hapo ndipo wanawake wengi wa kwetu wanapobanwa, urefu unafaa lakini kiganja cha mguu ni kipana.

Mwambie mteja aweke karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, apige mstari mbele ya kidole kirefu, apime kwa rula, akutumie picha. Ni dakika mbili. Akisema hana rula, mwambie apime kwa karatasi ya A4, upande mrefu una sentimita 29.7, anaona pengo lililobaki. Mguu ukiwa mpana, kiatu cha kufunika mpandishie namba moja. Cha wazi mwachie.

---

LeilaViatu_Jinja

Hilo la karatasi nalifanya na mimi, linasaidia. Ila tusidanganyane, nusu ya wateja hawapimi. Unamwandikia maelezo marefu anakujibu "nitumie 39". Hao mimi nawatumia pea mbili, 38 na 39, wajaribu, wabaki na moja.

---

Bodaman_Ntinda

Samahani naingilia, mimi ndiye nabeba hizo pea mbili 😅

Dada Leila hiyo inafanya kazi kama umemlipa boda muda wake. Nafika getini, askari ananiuliza natoka wapi, mama anashuka baada ya dakika 15, anajaribu kiatu cha kwanza, anatembea nacho kwenye simenti, anaita dada yake aje aone, anajaribu cha pili, anapiga simu kwa mume. Nusu saa imeisha. Katika hiyo nusu saa ningepeleka abiria wawili. Nikirudi mwenye duka ananilipa ile ile elfu nane. Ndiyo maana boda wengi wakiona mzigo wa viatu wanamwambia mteja "fanya haraka nina mzigo mwingine", mteja anakasirika, anarudisha. Ninyi mnadhani amekataa kiatu, kumbe amenikataa mimi.

Na la pili ni maelekezo. Mkiniandikia "Kyaliwajjala" hamjaniambia kitu. Niambieni steji gani ya boda, halafu kutoka steji kuna nini kinachoonekana: petroli, kanisa, msikiti, shule. Lokesheni ya WhatsApp ni nzuri lakini mteja anaituma akiwa ofisini mjini wakati mzigo unakwenda nyumbani. Nimeshapelekwa na ramani mpaka Nakasero wakati mtu anakaa Najjera.

---

Fundi_wa_Mizigo

Bodaman amesema jambo ambalo wenye maduka hawapendi kulisikia. Mama Shani, mpe boda wako dakika 10 za kusubiri ndani ya ile nauli, na kila dakika 10 za ziada mkubaliane bei, hata 2,000. Mteja aambiwe mapema kwenye WhatsApp: "Mjumbe atasubiri dakika 10, jaribu ukiwa ndani ya nyumba."

Halafu usitume mzigo mmoja mmoja kila oda inapoingia. Hiyo ndiyo inapandisha wastani wako hadi 8,000. Panga kwa barabara. Barabara ya Jinja inabeba Kireka, Bweyogerere, Namanve mpaka Mukono. Ya Bombo inabeba Wandegeya, Bwaise, Kawempe. Ya Entebbe inabeba Najjanankumbi, Lubowa, Kajjansi. Nansana ipo ya Hoima, Kasangati ipo ya Gayaza. Oda za kabla ya saa sita mchana zitoke saa nane zikiwa zimepangwa hivyo, za baada ya hapo kesho. Boda mmoja mwenye pea nne za barabara moja atakuchaji kidogo kuliko boda wanne. Na mvua ya alasiri ikimkuta njiani boksi la karatasi linakufa, kwa hiyo kavera iwe nje ya boksi, isiwe ndani.

Usiku kabla ya safari, au asubuhi yake, piga simu. Usiandike meseji, piga. Asiyepokea mara mbili mzigo wake hautoki. Hiyo simu moja inaokoa zaidi ya kitu chochote nilichoandika hapo juu.

---

KakaBusia

Nawasalimu kutoka mpakani. Kwetu upande wa Kenya hili liliisha zamani. Weka namba ya biashara, mteja analipa hapo, boda hagusi pesa. Uganda mna MoMoPay ya MTN na Airtel nao wana yao. Ukishalipwa kwa namba ya biashara, pesa hairudi, basi. Kwa nini boda anabeba pesa taslimu zama hizi?

---

MamaShani_Ndeeba

Kaka Busia ninayo namba ya MoMoPay, imebandikwa dukani. Sikuwahi kuwaza kuitumia mlangoni kwa mteja. Nilidhani ni ya wanaokuja dukani.

---

Fundi_wa_Mizigo

KakaBusia uko sahihi kwenye la msingi: boda asiguse pesa. Boda ambaye jioni ana 400,000 za watu mfukoni umemweka kwenye jaribu, na akianguka au akiporwa, hujui umdai nani. Ila hilo la "hairudi" punguza. Mteja anaweza kulalamika kwa kampuni ya simu kwamba alilipa na hakupata mzigo, na wakati wanachunguza pesa inaweza kushikiliwa. Namba ya biashara inakusaidia kwa sababu ina jina na kumbukumbu, haikufanyi usiguswe. Kwa hiyo weka ushahidi: picha ya mzigo ukiwa mkononi mwa mteja au mlangoni kwake, na ujumbe wake wa "nimepokea".

Mlangoni iende hivi. Mteja amejaribu, ameridhika. Boda anampa kikaratasi chenye namba yako ya MoMoPay na jina la duka. Mteja anaingia *165# au programu ya MoMo, anaweka namba, na kabla hajaweka namba ya siri jina la duka linamtokea kwenye skrini. Hapo anajua pesa haiendi kwa boda. Analipa. Wewe ndiye unayeangalia simu ya duka, na wewe ndiye unayempigia boda: "imeingia, mwachie". Boda asikubali kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja.

Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu meseji za uongo ni nyingi. Mtu ana meseji yenye maneno yaleyale ya MTN, kiasi kilekile, hata salio limeandikwa. Ukiangalia vizuri imetoka namba ya kawaida ya simu, au hata siyo meseji, ni picha ya skrini. Meseji inaweza kughushiwa lakini salio haliwezi. Kwa hiyo mwenye kuangalia salio ni wewe, *165# kwa MTN, *185# kwa Airtel, kisha unaruhusu. Na ukipigiwa na mtu analia "nimekutumia kimakosa, nirudishie", usirudishe hapohapo. Angalia kwanza kama kuna kilichoingia. Kikiwa kimeingia kweli, mwelekeze kwa kampuni yake ya simu waishughulikie wao.

---

Bodaman_Ntinda

Na mtandao ukikwama? Maana inatokea. Mteja amelipa, kwake imekatwa, kwa mama haijaingia. Nimesimama hapo na kiatu, mteja ananiita mwizi.

---

Fundi_wa_Mizigo

Hapo Bodaman sina jibu safi. Mimi nilikuwa nasema: mteja ambaye ameshanunua kwetu kabla, mwachie. Mpya, subiri zile dakika 10, ikishindikana mzigo unarudi na unapelekwa kesho bila nauli ya pili. Wapo waliokasirika. Wapo walioelewa.

---

KakaBusia

Mimi ningewaachia wote. Pesa imekatwa kwake, itaingia tu.

---

Bodaman_Ntinda

Kaka ikikatwa kweli. Nitajuaje, na nimeambiwa nisiangalie simu yake?

---

LeilaViatu_Jinja

😂 Kaka Busia jibu hilo.

Lakini turudi kwa wale wasiopokea simu. Fundi hujasema dawa yao. Wenzangu wanasema watoe kitu mbele. Mimi siafiki, mteja wa Uganda ukimwambia alipe kabla hajaona kitu anakukimbia, tumeshaliwa sana na matapeli wa mtandaoni.

---

Fundi_wa_Mizigo

Nilikuwa naifikia. Asilipe kiatu mbele, alipe nauli tu. Tuseme 8,000. Dada Leila, kukimbia watakimbia, lakini angalia ni nani anayekimbia.

Turudi kwenye oda 10 za Mama Shani. Ukidai nauli mbele, tuseme 3 wanapotea. Wanabaki 7, na kwa kuwa umewapima mguu na wameshaweka kitu chao, 6 wanachukua na 1 anarudisha. Pea 6 kwa faida ya 27,000 ni 162,000. Nauli ya kwenda wamelipa wao. Toa kufungasha 7,000, toa kurudisha 5,000, unabaki na 150,000, na baada ya tangazo 110,000. Umeuza pea moja pungufu, umepata zaidi ya mara mbili ya zile 44,000.

Kama unaona neno "nauli" litawatisha, pandisha kiatu kiwe 70,000 na useme: "Tanguliza 8,000, ukichukua kiatu inakatwa kwenye bei." Mteja analipa 62,000 mlangoni. Ukipiga hesabu ileile, pea 6, na yule mmoja aliyekataa ameacha 8,000 yake, baada ya nauli, kufungasha, kurudisha na tangazo unabaki na 92,000. Ni kidogo kuliko 110,000, lakini mteja anaona nauli ni bure, na hilo lina uzito wake. Mimi ningeanza na hii.

Sharti moja tu. Akikataa kwa sababu umekosea wewe, rangi siyo, saizi siyo aliyopima, soli imebanduka, ile 8,000 inarudi kwake siku hiyohiyo, kwa namba ileile iliyolipa. Ukiila hata mara moja, atakuandika kwenye maoni ya TikTok na tangazo lako la 40,000 litakuwa linawapeleka watu kusoma hayo maoni.

---

AruaMjini

Nasoma kimya muda mrefu, leo niseme kama mteja. Mnaongelea Kampala tu. Sisi wa huku tunaambiwa lipa yote, nauli ya basi juu yako, halafu subiri. Nilinunua viatu kwa muuzaji mmoja wa Kampala, nikalipa vyote, nikaambiwa vimepanda basi la usiku. Asubuhi naenda ofisi ya mizigo ya basi, hawana. Nampigia, anasema "uliza dereva". Mzigo ulipatikana baada ya siku kadhaa, ulikuwa umeandikwa jina bila namba ya simu, umekaa rafuni. Kiatu kikawa kidogo. Nikimwandikia ananitumia picha ya risiti yake: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Tangu hapo mimi nanunua kwa ninayemwona.

Mama Shani, mpango wako una mstari mmoja juu yetu: "wanalipa yote kwanza". Kwa nini nikuamini wewe?

---

MamaShani_Ndeeba

Swali la haki. Sina jibu zuri, ndiyo maana ule mstari ni mfupi. Wewe ungetaka uone nini ndipo ulipe?

---

AruaMjini

Kwanza nijue upo. Siyo picha za viatu ulizotoa kwingine. Nipigie video, nionyeshe kile kiatu changu, nionyeshe na mlango wa duka lako, namba ya chumba, jina la akedi. Nina ndugu Kampala, nikitaka namtuma apite. Pili, jina linalotokea nikilipa liwe la duka. Ukiniambia duka linaitwa hivi halafu pesa inakwenda kwa jina la kijana nisiyemjua, naishia hapo. Tatu, nikipata shida nijue nitarudisha vipi, na nani analipa basi la kurudi.

---

Fundi_wa_Mizigo

Hapo Arua amekuandikia nusu ya mpango bure. Niongeze mambo ya mzigo wa basi.

Mzigo unaandikwa jina la mpokeaji, simu yake, simu yako, na mji anaoshukia, kwa kalamu isiyofutika, juu ya boksi na siyo kwenye karatasi iliyogundishwa. Ofisi ya basi inakupa risiti. Piga picha risiti pamoja na boksi lililoandikwa, mtumie mteja hapohapo, umwambie basi linaondoka saa ngapi na ofisi yao ya Arua iko wapi. Mpokeaji aende na kitambulisho. Risiti ya awali usiitupe mpaka akuambie amepokea, kwa sababu mzigo ukipotea bila risiti hiyo huna pa kuanzia.

Kuhusu malipo, ofisi ya basi kazi yake ni kubeba, haikukusanyii pesa. Wauzaji niliowaona wakifanikiwa huko wanatafuta boda mmoja wa kuaminika Arua mjini, mmoja Gulu, mmoja Mbarara. Mzigo unaandikwa jina la boda huyo. Anauchukua ofisini, anampelekea mteja, mteja anajaribu, analipa kwa namba ya duka, duka linaruhusu. Mteja ametanguliza nauli ya basi tu. Yaani ni ule mpango wa Kampala umeongezewa basi katikati. Ugumu wake ni kwamba kiatu kikikataliwa kiko mbali, nauli ya kurudi inakula faida yote. Kwa hiyo huko usipeleke bila picha ya kipimo cha mguu, hata mteja akasirike.

Na hiyo "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" ing'oe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inampa aliyenunua kwa njia ya mtandao siku 7 baada ya kupokea kubadili mawazo, na gharama ya kurudisha inaweza kuwa yake. Sheria hiyohiyo inataka muuzaji aonyeshe anwani, simu na bei kamili. Wauzaji wengi hawaifuati, na wateja wengi hawaijui, lakini wewe ukiiandika kwenye ukurasa wako mtu kama Arua ataona tofauti.

---

LeilaViatu_Jinja

Siku 7! Atavaa harusini Jumamosi arudishe Jumatatu. Hiyo nimeiona kwa macho yangu, kiatu kinarudi kina vumbi la uwanja wa kanisa.

---

Fundi_wa_Mizigo

Ndiyo, wapo. Weka stika chini ya soli, katikati, pale panapogusa ardhi, iwe na jina la duka. Ile laini ambayo ikibanduliwa inachanika. Ndani ya nyumba, kwenye zulia, anajaribu bila shida. Akitoka nje inachakaa. Andika wazi: stika ikiwa nzima, tunabadilisha au tunarudisha pesa. Ikichanika, kiatu ni chako, labda kiwe na kasoro ya kiwandani. Piga picha ya soli kabla ya kufunga boksi, msije mkabishana.

Na mpe kipaumbele kubadilisha kuliko kurudisha pesa. Wengi wa saizi wanataka namba nyingine tu. Mwambie mapema nauli ya kubadilisha mnagawana nusu kwa nusu.

---

MamaShani_Ndeeba

Hii ya stika nimeipenda sana. Jamani naandika kila kitu.

Fundi, na tangazo? Nalipia Instagram na Facebook pamoja. Watu wanaotoka Facebook ndio wengi wasiopokea simu, sijui kwa nini.

---

Fundi_wa_Mizigo

Facebook imefungwa nchini tangu Januari 2021, watu wanaingia kwa VPN. VPN inamwonyesha mtu kama yuko nchi nyingine. Wewe umelipia tangazo lionekane Kampala, wengi wa Kampala kule hawahesabiki kama wako Kampala. Wanaobaki kuliona ni wachache, na wengine hata sijui wako wapi. Ondoa Facebook kwenye tangazo, acha Instagram, halafu linganisha baada ya wiki mbili ni wangapi wanapokea simu. Usichukue neno langu, pima.

Jambo jingine dogo la pesa. Usitoe kila jioni kwa wakala. Kodi ya kutoa pesa ya simu ni asilimia 0.5, kwa hiyo ukitoa 2,000,000 umeacha 10,000 kabla hata ya ada ya kutolea. Wauzaji wengi wa jumla Kikuubo wanapokea kwa simu, walipe kwa simu.

---

Profesa_Kalerwe

Bado nasema tovuti.

---

AruaMjini

Profesa, mimi kwenye tovuti ndipo nilipoliwa pesa ya blenda. Ilikuwa nzuri sana hiyo tovuti.

---

Bodaman_Ntinda

Mama Shani, ukianza hiyo ya barabara mimi nachukua ya Jinja. Pea nne kwenda juu, Kireka mpaka Mukono, tukubaliane bei ya safari nzima, siyo kwa pea. Lakini swali langu la mtandao kukwama bado hamjanijibu.

---

MamaShani_Ndeeba

Bodaman nimekuandikia inboksi, tuongee bei. La mtandao, kwa sasa tufuate ya Fundi: aliyenunua kabla unamwachia, mpya tunasubiri dakika 10. Kaka Busia kama una namna nyingine iandike.

Arua, nikikupigia video kesho saa nne asubuhi nikuonyeshe duka na namba ya chumba, utanitumia kipimo cha mguu?

---

AruaMjini

Piga. Na unionyeshe ile namba ya tarakimu tatu ndani ya kiatu. Mguu wangu ni mpana.